Kutoka TIFF kwenda PDF na kurudi: namna ya kutopoteza mstari katika vitabu vya ubatizo

Mwaka uliopita mzee mmoja, mwalimu wa zamani, alifika katika ofisi yetu kutafuta mwaka wake wa kuzaliwa. Karatasi zake zote zilipotea wakati wa kukimbia. Alihitaji barua ya kanisa ili apeleke mahali wanaposhughulikia malipo yake ya uzeeni. Kitabu cha ubatizo chenyewe kiliharibiwa na mchwa, lakini kilikuwa kimeskaniwa kabla ya hapo. Tulifungua faili, tukakuta jina lake, jina la baba yake na kijiji chao. Mwaka ulisomeka 1951. Mzee akatikisa kichwa, akasema, “Wachungaji, mimi si mzee hivyo. Mama yangu alisema 1957.”

Tulitazama tena. Tarakimu ya mwisho ilikuwa mstari mmoja wa wino wenye kichwa kidogo kilichoinama, ambayo kwetu ilikuwa moja. Lakini wale walioandika vitabu hivyo walifundishwa mwandiko wa Kibelgiji. Katika mwandiko huo moja ina kichwa kilichoinama, na saba inafanana nayo, ila saba hukatwa katikati kwa kistari kidogo. Mbele yetu hapakuwa na kistari. Swali lilikuwa hili: je, mwandishi hakukiandika, au kilipotea njiani kati ya karatasi na faili?

Tulipofuatilia, tuligundua kwamba faili ile ilikuwa imesafiri. Mwanzo ilikuwa TIFF, kisha mtu akaigeuza kuwa PDF ili iweze kutumwa, na TIFF ikafutwa kwa sababu diski ilijaa. Baadaye hifadhi ya nyaraka ikaomba TIFF, na mtu mwingine akaigeuza PDF ile kuwa TIFF tena. Hakuna aliyekusudia mabaya. Makanisa mengi ya mashariki yana skani za namna hii, kwa hiyo tunaeleza hapa jinsi safari hiyo inavyofanyika vizuri, na jinsi ya kutambua iliyofanyika vibaya.

Faili mbili, kazi mbili

TIFF yenye kurasa nyingi ni faili moja inayobeba picha nyingi, moja baada ya nyingine, kama kitabu kilichoshonwa. Kila picha ina maelezo yake: upana, urefu, nukta ngapi kwa inchi, na namna ilivyobanwa. Hifadhi za nyaraka huipenda kwa sababu inaweza kutunza kila nukta kama skana ilivyoiona.

Uzuri huo una uzito wake. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi una upana wa nukta 2480 na urefu wa nukta 3508. Katika rangi ya kijivu kila nukta huchukua baiti moja, kwa hiyo ukurasa mmoja usiobanwa una megabaiti karibu 8,7. Kitabu chetu kilikuwa na kurasa 96, yaani karibu megabaiti 835. Katika rangi kamili ingekuwa mara tatu ya hapo. Faili kama hiyo haitumwi kwa simu, na simu nyingi hata hazifungui TIFF ya kurasa nyingi. Zikiifungua, huonyesha ukurasa wa kwanza tu.

PDF hufunguka popote, ndiyo sababu watu huikimbilia. Lakini PDF si aina ya picha. Ni mfuko. Ndani ya mfuko huo picha inaweza kuwekwa kama ilivyo, bila kuguswa hata nukta moja. Inaweza pia kuwekwa ikiwa imepunguzwa, imebanwa kwa nguvu, au imechorwa upya. Ukiutazama mfuko kwa nje, yote hayo yanafanana: kurasa 96, ukubwa wa A4, maandishi yaleyale. Tofauti iko ndani.

Kurudi nako kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufungua mfuko na kuitoa picha iliyomo. Ya pili ni kuupiga ukurasa wa PDF picha mpya, kwa wingi wa nukta unaoutaka wewe. Njia ya pili ndiyo iliyotudanganya, kama tutakavyoona.

Kwenda: kuweka picha katika mfuko bila kuigusa

Tunatumia programu za bure ambazo zinapatikana kwa urahisi kwenye kompyuta ya Ubuntu au Debian. Zinahitaji intaneti siku ya kuziweka tu. Baada ya hapo kazi yote hufanyika ofisini, na majina ya waumini hayapelekwi kwenye tovuti ya mtu tusiyemjua.

```
sudo apt install img2pdf poppler-utils libtiff-tools imagemagick ghostscript
```

Kwanza tunaandika maelezo ya TIFF katika faili ya maandishi, kisha tunahesabu kurasa:

```
tiffinfo kitabu.tif > kitabu-maelezo.txt
grep -c "Image Width" kitabu-maelezo.txt
```

Kwa kitabu chetu jibu lilipaswa kuwa 96. Likitoka pungufu, kuna ukurasa uliorukwa wakati wa kuskani, na ni afadhali kujua sasa kuliko baadaye. Kisha tunageuza:

```
img2pdf kitabu.tif -o kitabu.pdf
```

Programu hii imetengenezwa kwa kusudi moja: kuiweka picha ndani ya PDF bila kupoteza kitu. Kila picha iliyomo katika TIFF inakuwa ukurasa wake. Ikikuta kurasa za nyeusi na nyeupe tupu zilizobanwa kwa namna iitwayo Group 4, ileile ya mashine za faksi, inaweza kuzihamisha jinsi zilivyo, maana PDF nayo inaifahamu namna hiyo. Ikikuta kijivu au rangi, inazibana upya kwa namna isiyopoteza chochote. Kwa hiyo usishangae PDF ikitoka karibu nzito kama TIFF yenyewe.

Kuna jambo moja la kuangalia hapa. Programu hupima ukubwa wa ukurasa kutokana na nukta kwa inchi zilizoandikwa ndani ya TIFF. Kama skana haikuandika namba hiyo, programu huchukua 96, na ukurasa wako wa A4 unatoka na upana wa karibu sentimita 66, kama bango la ukutani. Picha haijaharibika, ni kipimo tu kilichokosekana. Rudia kwa kutaja namba iliyotumika siku ya kuskani:

```
img2pdf --imgsize 300dpi kitabu.tif -o kitabu.pdf
```

Kutazama ndani ya mfuko

Sasa usiamini macho. Uliza PDF imebeba nini:

```
pdfimages -list kitabu.pdf
```

Inatoka orodha, mstari mmoja kwa kila picha. Tukiacha safu chache ambazo hatuzihitaji hapa, mstari mzuri unafanana hivi:

```
page  type   width  height  color  enc    x-ppi  y-ppi
   1  image  2480   3508    gray   image  300    300
```

Soma mambo matatu. Kwanza, idadi ya mistari: kurasa 96, picha 96. Pili, upana na urefu: ziwe namba zilezile za `tiffinfo`. Tatu, safu ya `enc`, inayosema picha imebanwa vipi. Neno `image` au `ccitt` maana yake hapa mbano haukupoteza kitu. Neno `jpeg` maana yake picha imelainishwa, na baadhi ya nukta si zile za mwanzo.

Tulipoiuliza PDF iliyotumika kwa kitabu cha yule mzee, tulipata upana wa 595 na urefu wa 842, nukta 72 kwa inchi, na neno `jpeg`. Hapo tukaelewa. Nukta 72 ni kipimo ambacho programu kadhaa hukichukua zenyewe mtu asipotaja kingine. Kutoka 300 hadi 72, kila ukurasa ulibakiwa na nukta moja kati ya 17.

Hebu tuone maana yake kwenye tarakimu. Tarakimu ya mkono yenye urefu wa milimita 3 hupata nukta karibu 35 kwa kipimo cha 300, na 8 au 9 tu kwa kipimo cha 72. Kistari cha kalamu kinachokata saba, kikiwa na unene wa robo ya milimita, hupata nukta 3 kwa kipimo cha kwanza. Kwa kipimo cha pili hakifikishi hata nukta moja. Kinachanganywa na weupe wa karatasi, kinakuwa kivuli hafifu, na ubanaji wa JPEG unakifuta.

Kurudi: kutoa picha, si kuipiga upya

Kama PDF ilitengenezwa vizuri, kurudi ni rahisi. Tunatoa picha zilizomo, tunaandika tena nukta kwa inchi, kisha tunashona kurasa kuwa faili moja:

```
pdfimages -tiff kitabu.pdf uk
for f in uk-*.tif; do
  tiffset -s 282 300 -s 283 300 -s 296 2 "$f"
done
tiffcp -c lzw uk-*.tif kitabu-rudi.tif
```

Amri ya kwanza inatoa faili `uk-000.tif`, `uk-001.tif` na kuendelea. Kumbuka hesabu inaanza kwa sifuri, hivyo ukurasa wa 40 ni `uk-039.tif`. Ile ya katikati ni ya lazima, maana picha zikitoka katika mfuko hazibebi kila mara kipimo chao sahihi. 282 na 283 ni nafasi za nukta kwa inchi katika TIFF, upana na urefu, na 296 yenye jibu 2 inasema kipimo ni inchi. Amri ya mwisho inashona kurasa kwa mpangilio, ikizibana kwa LZW, ambayo haipotezi kitu. Kwa kurasa za nyeusi na nyeupe tupu weka `g4` mahali pa `lzw`.

Sasa linganisha TIFF iliyorudi na ile ya kwanza, ukurasa kwa ukurasa:

```
compare -metric AE "kitabu.tif[0]" "kitabu-rudi.tif[0]" null:
```

Namba inayotoka ni idadi ya nukta zinazotofautiana. Sifuri maana yake hakuna hata moja. Kwa kitabu kizima, jaribu angalau ukurasa wa kwanza, wa mwisho, na wachache wa katikati, hasa ule wenye wino hafifu. Ikitoka namba kubwa sana, fungua ukurasa kwa macho kwanza. Wakati mwingine utakuta maandishi meupe juu ya karatasi nyeusi: picha ni nzima, ila programu moja imehesabu sifuri kuwa nyeupe na nyingine ikahesabu kuwa nyeusi. Hilo linatengenezeka. Ukungu hautengenezeki.

Msitishwe na jambo moja. Mkipima faili mbili kwa alama ya `sha256sum`, hazitalingana hata kama nukta zote ni sawa. Alama ile hupima faili nzima, pamoja na maelezo na namna ya kubana. Na kuna maelezo ambayo kwa kweli hayarudi: tarehe ya kuskani, jina la skana, maneno ambayo mtu aliandika ndani ya TIFF. PDF haikuyabeba. Ndiyo maana tuliyaandika mwanzoni katika `kitabu-maelezo.txt`. Faili hiyo ndogo ikae pamoja na picha siku zote.

Udanganyifu wa namba nzuri

Turudi kwa TIFF iliyotudanganya. Tulipoiuliza kwa `tiffinfo`, ilijibu: upana 2480, urefu 3508, nukta 300 kwa inchi. Kila namba ilikuwa sawa na inavyotakiwa. Hifadhi iliipokea bila swali, na sisi pia tungeipokea.

Kilichotokea ni hiki. Aliyeirudisha hakutoa picha kutoka katika mfuko. Aliagiza programu ipige kila ukurasa wa PDF picha mpya kwa nukta 300. Programu ilitii. Ilichukua nukta 595 za upana ikazitandaza ziwe 2480, ikijaza nafasi kwa kukisia. Faili ikawa kubwa, lakini hakuna kistari kilichorudi, maana hakikuwamo tena.

Ishara zake mtu anaweza kuziona. Kuza ukurasa hadi tarakimu moja ijaze skrini. Katika skani ya kweli ya nukta 300, ukingo wa wino una mikwaruzo ya karatasi na unabadilika ghafla kutoka giza kwenda mwanga. Katika ile iliyotandazwa, ukingo ni laini kama moshi, au una ngazi za mraba zinazolingana, na karibu na herufi kuna madoa ya miraba ya JPEG. Na kama PDF iliyotumika bado ipo, `pdfimages -list` itakueleza yote kwa mstari mmoja.

Kuupiga ukurasa picha mpya si kosa kila mara. Skana fulani hutengeneza PDF ambayo ukurasa mmoja una picha tatu au nne: karatasi peke yake, maandishi peke yake, au vipande vipande. Utaiona orodha ikiwa na mistari mingi kuliko kurasa. Ukitoa picha hizo utapata vipande visivyosomeka. Hapo piga picha mpya, lakini kwa namba ya juu zaidi unayoiona katika safu ya `x-ppi`, na uandike katika faili ya maelezo kwamba hii si skani ya asili:

```
pdftoppm -r 300 -gray -tiff kitabu.pdf uk
```

Kuna neno moja zaidi katika safu ya `enc` ambalo linadai uangalifu: `jbig2`. Ni namna ya kubana nyeusi na nyeupe ambayo, ikitumiwa kwa njia inayopoteza, hutafuta alama zinazofanana na kuweka moja mahali pa nyingine. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha kwamba mashine za Xerox WorkCentre zilikuwa zikibadilisha tarakimu katika karatasi zilizoskaniwa: 6 ikawa 8, na vipimo vya vyumba katika ramani ya nyumba vikawa vya chumba kingine. Jambo baya ni kwamba hakukuwa na ukungu. Tarakimu isiyo ya kweli ilikuwa safi kabisa. Kwa hiyo ukiona `jbig2`, usiitumie PDF hiyo kuthibitisha tarehe. Rudi kwenye TIFF ya kwanza au kwenye kitabu.

PDF ya kusoma ni nyingine

Mtu atauliza: kama PDF nzuri ni nzito karibu kama TIFF, tutatuma nini kwa sekretari wa parokia mwenye simu tu? Jibu ni kutengeneza PDF ya pili, nyepesi, na kuiita kwa jina linalosema kazi yake:

```
gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o kitabu-KUSOMA.pdf kitabu.pdf
```

Hii hushusha picha hadi karibu nukta 150 kwa inchi na kuzibana kwa JPEG. Inatosha kutafuta jina na kujua ni ukurasa gani. Haitoshi kuamua kati ya moja na saba, na haigeuzwi kuwa TIFF hata siku moja. Tumekubaliana ofisini kwamba neno KUSOMA katika jina la faili linamaanisha hivyo.

Na TIFF ya kwanza? Haifutwi kwa sababu PDF imefunguka vizuri. Inafutwa kwenye diski moja pale tu nakala nyingine ziko kwenye diski mbili zilizo mahali tofauti, na `compare` imetoa sifuri.

Kwa yule mzee, ndugu aliyeskani kitabu kile alikuwa bado na nakala yake katika diski ya zamani, ndani ya sanduku nyumbani kwake. Alituletea. Tulifungua ukurasa uleule na kukuza mstari uleule. Kistari kilikuwapo, chembamba, kimeinama kidogo kuelekea juu. Tuliandika barua: 1957.